Jibu refu linavyomzamisha aliyesingiziwa

“Mhudumu anayeitwa Rehema aliniibia dola 300 kwenye begi langu. Msikae hapa.” Nyota 1, kwenye ukurasa wa Google wa loji ya vyumba 14 mjini Moshi. Maneno kumi na moja tu, na moja kati ya hayo ni jina la mtu.

Rehema ni wa kubuni, loji yake pia, lakini kisa hiki nimekiunga kwa vitu ambavyo yeyote aliyefanya kazi na wapanda mlima atavitambua. Mgeni amefika Jumatatu. Jumanne alfajiri anaondoka kwenda Kilimanjaro kwa siku sita, na kama ilivyo desturi, begi lisilohitajika mlimani linaachwa stoo ya mizigo. Aliyelipokea begi, akalifunga lebo na kuliandika daftarini Jumatatu jioni ni Rehema. Jumanne Rehema aliugua na kulazwa hospitali, hakuonekana kazini wiki nzima. Mgeni anarudi Jumapili, hoi, anafungua begi, anasema bahasha ya dola haipo. Anaondoka Jumatatu bila kumwambia mtu mapokezi. Jumatano maoni yanatokea.

Basi Rehema hakuhusika, na meneja ana ushahidi. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu mwenye ushahidi huwa na hamu ya kuumwaga wote. Saa tatu usiku, moyo ukiwa bado unadunda, meneja anaandika hivi, kwa Kiingereza:

“Pole sana kwa yaliyokupata. Rehema ni mfanyakazi wetu mwaminifu kwa miaka sita na hajawahi kuiba. Isitoshe, siku hizo hakuwepo, alikuwa amelazwa hospitali. Ufunguo wa stoo anao mtu wa mapokezi na mlinzi wa usiku tu. Pia ulisaini fomu inayosema hatuwajibiki kwa pesa zisizokabidhiwa. Huenda ulizitumia mlimani ukasahau. Usipofuta uongo huu tutaonana mahakamani.”

Nimeyaona majibu ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba nadhani ndiyo namna tunayojibu wengi wetu. Kila sentensi ina nia njema, na karibu kila sentensi inamwumiza mtu.

Nianze na lile neno la kwanza. Kwa Kiswahili, pole haina hatia ndani yake. Nampa pole jirani aliyefiwa, nampa pole aliyejikwaa mbele yangu, nampa pole hata anayetoka kazini, na hakuna atakayeniuliza nimemfanya nini. Nikikosa nasema samahani, na kosa likiwa zito naomba radhi. Kiingereza kimeyatia yote hayo kapu moja, la sori. Meneja wetu anawaza pole, vidole vinaandika sori, na msomaji aliye Toronto au Oslo anasoma kwamba loji imekiri. Anayesoma kwa haraka haendelei hata na sentensi ya pili. Vitabu vya huduma kwa wateja vinafundisha kwamba kila lalamiko lijibiwe kwa kuomba radhi kwanza, na ushauri huo unafaa supu ikiwa imepoa. Haufai mtu akiitwa mwizi, kwa sababu hapo radhi inaombwa kwa niaba ya mtu ambaye hakutenda kosa, na hakuulizwa.

Linalofuata ni jina. Mteja alilitaja mara moja, meneja kalitaja tena, safari hii akiongeza kwamba yuko kazini hapo miaka sita. Kabla ya jibu, Rehema alikuwa jina lililotupwa na mgeni mmoja mwenye hasira. Baada ya jibu, mwajiri mwenyewe kathibitisha kwamba Rehema yupo, ni wa hapo, na jina lake na neno kuiba vimekaa sentensi moja. Sifa ya “hajawahi kuiba” ndiyo mbaya kuliko zote. Hakuna anayesema hivyo juu ya mtu asiyeshukiwa.

Halafu kuna utetezi wenyewe, kwamba alikuwa amelazwa. Ni kweli tupu, na ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote alizonazo meneja. Lakini ina madhara mawili. Kwanza, ni habari ya afya ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti zinazolindwa zaidi. Rehema hakumpa bosi wake ruhusa ya kuutangazia ulimwengu kwamba wiki ile alikuwa wodini, na nia ya kumtetea haizai ruhusa hiyo.

Pili, na hili ndilo watu wengi hawalioni mpaka limeshatokea, utetezi unaomtoa mtu mahali pa tukio unawaacha wengine humo. Kama si Rehema, ni nani? Meneja kajibu swali hilo kabla halijaulizwa: ufunguo anao mtu wa mapokezi na mlinzi wa usiku. Loji ya vyumba 14 haina watu wengi wa mapokezi. Wafanyakazi wote wanajua aliyekuwa zamu, na wageni waliokaa wiki ile wanamkumbuka. Shtaka la uongo dhidi ya mmoja limegeuka kuwa shtaka lisilotamkwa dhidi ya wawili, na safari hii limetoka kwa mwajiri. Iwapo hata hao wawili hawakuchukua kitu, meneja amewafanyia kile kile mteja alichomfanyia Rehema.

Fomu na mahakama havihitaji maneno mengi. Fomu inasomeka kama mtu anayekimbilia nyuma ya karatasi, na tishio la kesi linamfanya msomaji amwonee huruma mteja. Kuhusu ile sentensi ya kwamba huenda alizitumia mlimani, nitairudia, kwa sababu huenda ndiyo yenye ukweli ndani yake. Lakini palipoandikwa si mahali pake, na hasira huanza hivyo: leo unamwambia mteja hadharani kwamba amesahau, kesho unataja kwamba alilewa, au kwamba chumbani alikuwa na mtu ambaye hakuandikishwa. Mwaka 2023 kituo kimoja cha tiba ya akili huko New Jersey, Marekani, kilikubali kulipa dola 30,000 baada ya lalamiko kwamba, katika kujibu maoni mabaya kwenye Google, kilitaja maradhi ya mgonjwa wake. Mteja aliyekukosea bado ni mteja ambaye siri zake unazitunza wewe.

Sasa turudi nyuma hadi Jumatano mchana, kabla ya lile jibu.

Wa kwanza kuambiwa ni Rehema, na aambiwe na meneja mwenyewe kabla hajaletewa picha ya simu na jirani. Namna ya kumwambia ina uzito. “Umeona ulichosababisha?” ni hukumu. Kinachotakiwa ni kumwonyesha maandishi yenyewe, kumwuliza anamkumbuka mgeni huyo, na kumweleza kitakachofanyika. Akiwa bado mgonjwa, asubiriwe, au aulizwe kupitia mtu anayemwamini.

Kama ushahidi ungeelekea kwake, njia ya mwajiri wa Tanzania Bara inajulikana. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe shutuma na kupewa muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, muda ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na kama kuna haja ya kumweka kando uchunguzi ukiendelea, anakaa kando akilipwa mshahara wote. Nalitaja hili kwa sababu kuna jibu jingine baya ambalo ni kinyume cha lile la kwanza: “Tumeshamchukulia hatua mfanyakazi huyo.” Linamfurahisha mteja kwa siku moja. Kwa Rehema ni hati ya hatia iliyotiwa saini na mwajiri, na akifukuzwa kweli, atakwenda nayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama kielelezo kwamba hukumu ilitangulia kikao.

Kisha ushahidi unakusanywa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwingine unajifuta. Kamera za ulinzi hurekodi juu ya rekodi za zamani diski ikijaa, na kwa mfumo mdogo wa loji hiyo inaweza kuwa wiki moja au mbili tu. Begi liliingia stoo siku tisa zilizopita. Picha za Jumatatu ile huenda ziko ukingoni, basi zinakiliwe leo, hata kama hakuna aliyeamua bado zina maana gani. Daftari la mizigo linapigwa picha: namba ya lebo, aliyepokea, saa, na kama begi lilikuwa na kufuli. Rosta inapigwa picha kama ilivyo, bila kusahihishwa hata kosa la tahajia, maana rosta iliyofutwafutwa haina thamani tena. Mahali penye milango ya kadi, kumbukumbu ya kitasa nayo inasomwa, huku ikikumbukwa kwamba kitasa kinajua kadi iliyofungua na hakijui mkono ulioishika. Niliyemsikia akisema “mfumo unaonyesha fulani aliingia” alikuwa na kadi moja iliyotumiwa na watu wanne.

Kuna swali moja ningemwuliza meneja yeyote wa Moshi au Arusha: mgeni alimjuaje Rehema? Mara nyingi jibu ni kwamba Rehema alivaa beji, alitabasamu, akajitambulisha. Kwa mgeni aliyepitia mikono ya watu kumi, huyo ndiye mfanyakazi pekee mwenye jina kichwani mwake, na lawama inapotafuta pa kutua inatua kwenye jina lililopo. Nadhani shutuma nyingi zenye majina huzaliwa hivi, bila mteja kukusudia kusema uongo. Kazikosa pesa kweli, au anaamini hivyo, kisha akakumbuka uso mmoja. Huyo si sawa na yule ambaye hakuwahi hata kulala kwenu, wala yule aliyetishia mapema kwamba asiporudishiwa nusu ya malipo ataandika jambo. Wawili hawa wa mwisho unapambana nao kwa njia ya mtandao wenyewe. Wa kwanza unazungumza naye.

Na katika kuzungumza naye kwa faragha ndipo ile hoja ya pesa kutumika mlimani inapofaa. Wapanda mlima hubeba dola taslimu kwa ajili ya tipu za waongozaji, wapishi na wapagazi, wakazigawa kwenye bahasha kadhaa kabla ya safari. Usiku wa kileleni hawalali, siku ya mwisho tipu zinatolewa watu wakiwa wamechoka, na hesabu ya bahasha ipi ilibaki chini na ipi ilipanda juu huvurugika kirahisi. Kwa barua pepe, meneja anaweza kuuliza kwa upole kama ile bahasha ya 300 ilikuwa miongoni mwa za tipu, na kama kampuni iliyompandisha inaweza kusaidia kukumbuka. Swali lile lile mbele ya umma ni kejeli. Kwenye barua ni msaada, na linamwachia mtu mlango wa kutokea bila aibu.

Wakati huo huo maoni yanaripotiwa. Google ina kitufe cha Report review, na wengi wanakibonyeza wakidhani wanapeleka kesi ya ukweli na uongo. Google haiamui ubishi wa namna hiyo kati ya biashara na mteja. Inaangalia kama sera zake zimevunjwa: maoni ya mtu asiyewahi kuwa mteja, matusi, unyanyasaji wa mtu mmoja, taarifa binafsi na kadhalika. Kwa hiyo anayechagua sababu achague ile inayoonekana kwenye maandishi yenyewe. Kwetu hapa ni mtu binafsi kushambuliwa kwa jina. Uamuzi huchukua siku kadhaa, na ukikataliwa kuna rufaa, ya mara moja tu. Ni busara kutoitumia rufaa hiyo kabla ya kupata karatasi zote. Wafanyakazi nao wakatazwe kumiminia loji nyota tano za kumtetea mwenzao. Hilo lenyewe linavunja sera, na likigundulika linaipa shutuma uzito ambao haikuwa nao.

Kuhusu mahakama, wanaotishia huwa hawajajiuliza kesi ni ya nani. Aliyeharibiwa jina ni Rehema. Loji inaweza kuwa na dai lake kuhusu biashara, lakini haki ya jina ni ya mwenye jina, na inawezekana kabisa asitake kesi itakayolirudia jina hilo kwa miaka miwili. Aulizwe. Kenya, ambako kashfa kama kosa la jinai iliondolewa na Mahakama Kuu Februari 2017, dai la madai la kashfa lina muda wa miezi 12, kwa hiyo swali hilo haliwezi kuwekwa kiporo. Na hata ukishinda dhidi ya mwandishi, ukurasa unaweza kubaki. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtandao wa maoni wa Yelp hauwezi kulazimishwa kuondoa maoni ambayo mahakama ya chini ilikwisha kuona ni ya kashfa, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inailinda mitandao dhidi ya kuwajibishwa kwa maneno ya watumiaji wake. Mgeni anaweza kuwa Norwei, mtandao uko Marekani, Rehema yuko Moshi. Wakili mzuri atakuambia hayo kabla hajachukua pesa.

Jibu la hadharani, basi, linaandikwa likiwa la mwisho, siku ya tatu au ya nne. Najua ushauri wa kujibu ndani ya saa 24. Kwa shutuma ya jina siukubali: jibu la haraka haliwezi kusema lolote ila “tunachunguza”, na hilo likisahaulika linabaki pale miaka, kana kwamba Rehema bado anachunguzwa. Ningeandika hivi:

“Tumepokea maoni yako na tunajua kupoteza pesa safarini ni jambo zito. Tumepitia kumbukumbu zetu za mizigo, rosta na picha za kamera za siku zote zinazohusika. Mtu uliyemtaja hakuhusika, na hatukuona dalili dhidi ya mfanyakazi mwingine yeyote. Tunakuomba uliondoe jina lake. Tumekuandikia barua pepe ili tuendelee kulifuatilia suala lako. Kama umeripoti polisi, tutumie namba ya RB na tutawakabidhi kumbukumbu zote. Meneja.”

Hakuna pole inayosomeka kama kukiri. Jina halikurudiwa. Uthibitisho umetajwa kwa aina yake bila kumwagwa: msomaji anajua rosta iliangaliwa, hajui nani alikuwa wodini. “Hakuhusika” ni neno kali, na limewekwa kwa sababu ushahidi unalibeba. Kama meneja angekuwa na mashaka, angesema tu kwamba hakupata kinachothibitisha dai. Kile kipande cha mfanyakazi mwingine yeyote kinafunga ule mlango niliousema, na kinaruhusiwa tu iwapo wengine nao walichunguzwa kweli. Namba ya RB inafanya kazi mbili: aliyeibiwa kweli anaonyeshwa pa kwenda, na aliyetunga anakumbushwa kwamba polisi huuliza maswali. Kisha Rehema anasomewa kabla halijatumwa. Akisema sentensi fulani inamtia aibu, inatoka.

Haya yote yanasimama juu ya sharti kwamba shutuma ni ya uongo, na sharti hilo halipatikani kwa kumwamini mfanyakazi wako tu. Mwaka 2017 gazeti moja la Milwaukee lilifichua kwamba TripAdvisor iliwahi kuondoa maandishi ya mwanamke aliyeeleza kubakwa na mlinzi wa hoteli huko Meksiko mwaka 2010, kwa kisingizio cha kanuni za lugha ya kifamilia. Kampuni ilimwomba radhi na maandishi yakarudishwa. Kwa hiyo sioni vibaya mitandao inaposita kufuta shutuma kwa sababu tu mwenye hoteli amekasirika. Na kama shutuma ni ya kudhalilishwa kimwili, rosta na daftari la mizigo havitoshi kuandika “hakuhusika”. Hapo jibu ni fupi zaidi, halikanushi, halikiri, na linaelekeza polisi.

Kwa mgeni wetu, kisa kinaweza kwisha hivi. Barua pepe inajibiwa baada ya wiki. Hasemi kwamba alikosea. Anasema hana hakika tena ni bahasha ipi, anaingia kwenye ukurasa na kubadilisha: “Pesa zilipotea kwenye begi langu nikiwa mlimani. Stoo yao iwe salama zaidi.” Nyota zinapanda hadi 2. Meneja anataka kushangilia au kulalamika, lakini ana kazi moja kabla ya yote. Jibu lake la zamani linaweza kubaki chini ya maoni mapya, likizungumzia “mtu uliyemtaja” ambaye sasa hakutajwa popote, na msomaji mpya ataanza kujiuliza ni nani huyo. Anafungua ukurasa, anafuta sentensi mbili, anaandika kwamba stoo sasa ina lakiri zenye namba za kufungia begi mbele ya mgeni, kisha anakwenda kununua hizo lakiri.